Ugumu mmoja, pande mbili za kilele

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Hapa mezani nimeweka vipande viwili vya aloi ya alumini yenye shaba asilimia 4 kwa uzito. Vimekatwa kutoka bamba moja, na ukivipima ugumu kwa kipimo cha Vickers, kila kimoja kinatoa namba karibu na 90. Ukivishika mkononi huwezi kuvitofautisha. Lakini nikivirudisha vyote tanurini kwa saa chache, kimoja kitaongezeka ugumu na kingine kitazidi kulainika. Kimoja bado hakijakomaa, kingine kimepitiliza. Namba ni ileile, ila wameifikia kwa njia tofauti: mmoja anapanda mlima, mwenzake anashuka.

Nilikijua kisa hiki kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilisimamia, katika karakana moja, kazi ya kukomaza mabamba ya aloi hii, yaani kuyaacha tanurini mpaka ugumu wake ufike kileleni. Mpango ulikuwa nyuzi 190 za Selsiasi kwa saa 24, tukitarajia ugumu wa karibu 108. Asubuhi tulipofungua tanuri, safu ya mbele ilitupa 107 na 108, vizuri kabisa. Safu ya nyuma ikatupa 91.

Fundi wa zamu akaniambia, "Mhandisi, hizi za nyuma hazijaiva. Tuzirudishe."

Nikamjibu, "Sawa fundi, zirudishe saa 10 nyingine."

Zilipotoka zilisoma 86. Tulikuwa tumefanya kinyume cha kilichohitajika, na mimi ndiye niliyetoa amri. Ili tuone kosa lilikuwa wapi, inabidi nianzie mbali kidogo, kwenye swali la shaba inakaa wapi ndani ya alumini.

Alumini ikiwa ya moto humeza shaba nyingi, ikipoa humeza kidogo sana. Uwezo wake wa juu kabisa ni asilimia 5.65, kwenye nyuzi 548. Ukishuka hadi 190 haiwezi kubeba hata nusu asilimia, na kwenye joto la kawaida la chumbani inabaki na uwezo mdogo zaidi ya huo. Kwa hiyo aloi yetu ya asilimia 4, ikiwa kwenye nyuzi 540, ina shaba yote imetawanyika, atomu moja hapa na nyingine pale, kila moja imekalia nafasi ambayo ingekuwa ya atomu ya alumini. Hali hiyo huitwa myeyusho yabisi: ni myeyusho kweli, ingawa metali yenyewe bado ni ngumu mkononi. Ikipoa polepole, shaba iliyozidi hutoka na kujikusanya kuwa chembe kubwa za mchanganyiko wa Al2Cu. Chembe hizo zinaonekana vizuri kwa hadubini ya kawaida, na hazisaidii sana nguvu ya metali. Kazi yetu yote, tangu tanuri la kwanza hadi la pili, ni kuizuia shaba isitoke kwa njia hiyo ya uvivu, kisha kuiruhusu itoke kwa njia tunayoitaka sisi.

Hatua ya kwanza basi ni kuipasha aloi joto hadi shaba yote imezwe. Kwa asilimia 4 unahitaji kupita nyuzi 500 hivi, na ukitaka kazi iende haraka unapanda hadi karibu 540. Hapo unatembea kwenye ukingo. Metali iliyotoka kwenye kalibu haijachanganyika sawasawa: sehemu zilizoganda mwisho, hasa kwenye mipaka ya punje, yaani zile fuwele ndogo ndogo zinazounda metali, zina shaba nyingi mno, na zinayeyuka kwenye 548 hata kama sehemu nyingine za bamba zingeweza kustahimili joto zaidi. Ndiyo maana metali ya kumiminwa haipelekwi moja kwa moja juu. Unaiacha kwanza chini kidogo, tuseme 520, kwa saa kadhaa, ili mifuko hiyo ya shaba imezwe, ndipo unapanda. Aloi za kibiashara zenye magnesi ndani yake zina ukingo ulio chini zaidi. Ile inayoitwa 2024 hupashwa karibu nyuzi 495 tu, maana mifuko yake huanza kuyeyuka baada kidogo ya 500.

Ukivuka ukingo, mipaka ya punje huyeyuka kidogo, na metali ikipoa inabaki na matundu na ukanda mwembamba unaovunjika upesi. Kwenye kipande kilichosuguliwa na kung'arishwa utaona pembetatu nyeusi pale punje tatu zinapokutana, na vidoa vya mviringo ndani ya punje. Wakati mwingine uso wenyewe unatoa malengelenge. Kosa hili halina dawa. Ukiyaona hayo, bamba linarudi kwenye mabaki ya kuyeyushwa upya. Nalisema kwa mkazo kwa sababu makosa mengine yote nitakayoyataja leo yanaweza kurekebishwa.

Tukishapata myeyusho, tunautosa majini. Watu wengi huona hatua hii kama ya kupita tu, lakini mimi nadhani ndiyo yenye mengi kuliko zote. Kutosa majini kunatupa vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni dhahiri: shaba inanaswa ilipo kabla haijapata muda wa kujikusanya. Cha pili hakionekani, nacho ni nafasi tupu.

Katika fuwele yoyote kuna mahali ambapo atomu ilipaswa kuwepo, haipo. Kadiri metali inavyokuwa ya moto, ndivyo nafasi hizo zinavyoongezeka. Katika alumini iliyo kwenye nyuzi 540, karibu nafasi moja kati ya kila 10,000 ni tupu. Kwenye joto la chumbani, kama metali ingepewa muda wa kutulia, isingebaki hata moja kati ya bilioni kumi. Tukiitosa ghafla hatuipi muda huo, kwa hiyo inafika chini ikiwa na nafasi tupu mamilioni ya mara kuliko inavyostahili. Na atomu ya shaba husogea kwa kuhamia kwenye nafasi tupu iliyo jirani yake. Bila nafasi haina pa kwenda. Hapo ndipo tunapata jibu la jambo ambalo lingekuwa fumbo: aloi hii inakomaa yenyewe ikiwa imelala kwenye rafu, bila moto wowote, ndani ya siku chache. Kwa idadi ya nafasi tupu za kawaida shaba isingeweza kutembea umbali huo kwa kasi hiyo.

Alfred Wilm, Mjerumani aliyekuwa akitafuta aloi ya alumini ngumu, alikutana na jambo hilo mwaka 1906. Aloi yake ilikuwa na shaba karibu asilimia 4 na magnesi kidogo. Aliipasha, akaipoza ghafla kama wafanyavyo watu wa chuma cha pua na visu, akapima, akaona haijawa ngumu kama alivyotarajia. Siku chache baadaye akapima tena, ugumu ukawa umepanda sana. Yeye hakuweza kuona kilichotokea ndani. Mpaka 1938 ndipo Guinier nchini Ufaransa na Preston nchini Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walipoonyesha kwa mionzi ya eksirei kwamba shaba inajipanga kuwa visahani vyembamba vya unene wa tabaka moja la atomu. Visahani hivyo bado vinaitwa kwa majina yao hadi leo.

Turudi kwenye maji. Eneo la hatari wakati wa kupoza liko kati ya nyuzi 400 na 290 hivi. Juu ya hapo shaba haina haraka ya kutoka, chini ya hapo haina kasi ya kutembea, lakini katikati inataka kutoka na inaweza. Kwa hiyo safari ya kutoka tanurini hadi kwenye maji ihesabiwe kwa sekunde, na kwa bamba jembamba isizidi sekunde 10. Mvuke nao ni adui: maji yanapogusa metali ya moto hutengeneza utando wa mvuke unaozuia joto lisitoke, hivyo kipande kitikiswe ndani ya maji na vipande visigandamane. Wapo wanaotumia maji ya moto ili bamba lisipinde, na kwa umbo gumu mimi naelewa sababu yao, ila wajue wanalipa kwa nguvu, hasa katikati ya kipande kinene.

Kipande kilichopozwa polepole hakijitangazi mara moja. Ukikipima kikitoka majini ugumu wake hautofautiani sana na wa mwenzake aliyepozwa vizuri, karibu 65. Kinachokifichua ni kwamba baadaye kinagoma kupanda. Kilele chake kinakuwa kifupi, kwa sababu sehemu ya shaba imekwisha tumika kwenye chembe kubwa za mipakani. Chembe hizo hizo huacha ukanda usio na shaba kando ya kila mpaka, na kutu hupenya kwa kufuata njia hiyo.

Sasa tanuri la pili, la nyuzi 190, na swali la muda. Metali hupinda na kunyumbuka kwa sababu ya kasoro za mstari zinazosafiri ndani ya fuwele. Fikirieni mkeka mzito mnaotaka kuusogeza: badala ya kuuburuta wote kwa pamoja, mnatengeneza kunyanzi upande mmoja na kuisukuma hadi upande wa pili. Kasoro hiyo ni kunyanzi ya fuwele. Ukitaka metali ngumu, weka vizuizi mbele ya kunyanzi.

Vile visahani vya tabaka moja ni vizuizi vya kwanza. Viko karibu karibu, vimeshikamana kabisa na fuwele inayovizunguka, ila ni vidogo, nanomita chache hadi kumi kwa kipenyo. Kunyanzi inavikata na kupita, kwa taabu kiasi. Saa zikisonga, visahani vinakua na kujipanga upya kuwa chembe nene kidogo ambazo zinaivuta fuwele ya jirani mpaka inapinda. Hizo ni ngumu zaidi kukatwa. Baadaye inakuja aina ya tatu, pana zaidi, iliyoshikamana na fuwele kwa nyuso zake bapa tu. Mwisho wa safari ni Al2Cu yenyewe, iliyojitenga kabisa, ile ile tuliyoikimbia mwanzoni. Jumla ya shaba inayopatikana kujenga chembe ina mpaka. Hata ikitoka yote, chembe hizo za mwisho hazizidi sehemu 7 hivi kati ya 100 za uzito wa bamba. Kwa hiyo chembe zikikua ni lazima zipungue idadi: kubwa zinakula ndogo, na pengo kati ya chembe na chembe linapanuka.

Hapo kuna ushindani. Chembe kubwa ni ngumu kukatwa, na hilo linapandisha ugumu. Lakini pengo likiwa pana, kunyanzi haina haja ya kukata tena. Inajipinda kati ya chembe mbili, inazizunguka, inaacha pete nyuma yake na kuendelea. Kilele cha ugumu kiko pale ambapo kukata na kuzunguka vinakuwa na ugumu sawa. Kabla ya hapo metali inasubiri chembe zikue, na baada ya hapo kila saa inapanua mapengo. Huko ndiko kupitiliza. Siyo kwamba shaba imerudi ndani ya alumini, wala metali haijaungua. Chembe zimekuwa chache mno na zimeachana mno.

Kwa vipande vyangu vya nyuzi 190 mwendo ulikuwa hivi. Kutoka majini, 65. Baada ya saa 5, karibu 90. Saa 24, 108, na hapo mstari unakaa tambarare kwa muda. Saa 100, karibu 95. Saa 300, karibu 80. Ukishusha joto hadi 130, kilele kinakuwa juu zaidi, kwa sababu chembe nyingi ndogo zinazaliwa, lakini utakisubiri siku nyingi. Ukipandisha joto, kilele kinakuja upesi na kinakuwa kifupi. Ni chaguo kati ya muda na nguvu, na karakana nyingi huchagua saa chache kuliko siku nyingi, jambo ambalo siwezi kulilaumu.

Angalieni namba 90 kwenye mwendo ule. Inapatikana kwenye saa ya 5, na inapatikana tena baada ya saa 100, wakati wa kushuka. Kipima ugumu hakijui ni ipi kati ya hizo mbili.

Ndipo turudi kwenye safu yetu ya nyuma. Baada ya ile 86 nilisimamisha kazi. Nikakata kipande kidogo kutoka bamba la nyuma, na kingine nilichokuwa nimekikomaza kwa saa 5 tu, ambacho nilijua hakika hakijafika kileleni. Nikavipima kwa kifaa kinachowekwa juu ya uso na kusoma jinsi metali inavyopitisha umeme. Shaba iliyotawanyika ndani ya alumini ni kikwazo kikubwa kwa umeme, na vile visahani vidogo vya mwanzo havipunguzi kikwazo hicho. Bali shaba ikishajikusanya kwenye chembe kubwa, alumini inabaki safi na umeme unapita kwa urahisi. Kipande cha saa 5 kilisoma chini. Cha safu ya nyuma kilisoma juu sana, juu hata kuliko cha safu ya mbele iliyofika kileleni. Hapo jibu likawa wazi: mabamba ya nyuma yalikuwa yamepitiliza, na sisi tukayaongezea saa 10.

Lakini vipi yapitilize, wakati yalikaa saa zilezile 24 ndani ya tanuri lilelile? Tukafunga waya wa kupimia joto kwenye bamba la nyuma, tukawasha tanuri. Kipimajoto cha tanuri kilikuwa karibu na mlango, kikisoma 190 kwa uaminifu. Kule nyuma, mbele ya vipasha joto, waya ulisoma 215. Nyuzi 25 zinaonekana kitu kidogo, lakini kasi ya atomu za shaba haipandi kwa hatua sawa na joto. Katika eneo hili, nyuzi 25 zaidi huongeza kasi karibu mara tano. Saa 24 kule nyuma zilikuwa sawa na siku tano za nyuzi 190. Ukirudi kwenye mwendo niliousoma, siku tano ziko zaidi ya saa 100, upande wa kushuka, penye 90 na kitu. Namba yetu ilikuwa 91.

Wasio na kifaa cha umeme wana njia nyingine, na ningependa kila fundi aijue. Kata kipande kidogo cha bamba linalotiliwa shaka. Kirudishe peke yake tanurini kwa saa 2 au 3, joto likiwa limehakikishwa kwa waya uliogusa kipande chenyewe, kisha kipime. Kikipanda, bamba halijaiva. Kikishuka au kikibaki palepale, usilirudishe bamba. Kama tungefanya hivyo asubuhi ile, tungepoteza kipande cha ukubwa wa kidole.

Mabamba yenyewe hatukuyatupa. Kupitiliza hakurekebishiki kwenye tanuri la pili, kwa muda wowote na kwa joto lolote la huko, lakini kunafutika kwenye la kwanza. Tuliyapandisha tena hadi 540, chembe zote zikamezwa, tukayatosa majini upya na kuanza upya kabisa. Mabamba yaliyofunikwa kwa ngozi ya alumini safi yasingeruhusu kurudiwa mara nyingi, kwa kuwa kila safari ya moto mkubwa huisukuma shaba ndani ya ngozi hiyo na kuiharibia kazi yake ya kuzuia kutu. Yetu yalikuwa wazi. Safari hii tuliyasogeza mbali na vipasha joto, tukaweka bati la kukinga kati, na waya mmoja ukabaki umefungwa kwenye bamba la nyuma kabisa.

Fundi yule ndiye aliyefungua mlango baada ya saa 24. Alipima la nyuma kwanza, kabla ya mengine yote. Lilisoma 107.